Bolti nne katika mstari mmoja

Jioni hii nilikuwa na mchoro wa kiungo cha mbao ya chini ya kenchi, ile inayovutwa pande zote mbili: mbao ya upana wa milimita 150, mabamba ya chuma ubavuni, na bolti nne za M12 zilizopangwa mstari mmoja kufuata nyuzi. Uwezo wa bolti moja ulikokotolewa kuwa kilonyutoni 8, kisha mchoraji akazidisha kwa nne akapata 32, ilhali mvuto wa kubuni ni 23.

Kuzidisha huko ndiko kulikonisumbua. Bolti zikifuatana kwenye nyuzi zilezile hazigawani mzigo sawasawa, kwa kuwa mbao hunyumbuka na matundu hayalingani kikamilifu. Zaidi ya hapo, kila bolti husukuma ufa katika njia ileile, hadi mbao ikapasuka ghafla kabla bolti hazijapinda. Ndiyo maana kanuni ya Ulaya, EN 1995-1-1, huhesabu bolti chache kuliko zilizopo:

```
n_ef = n^0.9 · (a1 / 13d)^0.25
```

Hapa n ni idadi ya bolti katika mstari, n_ef ni idadi inayohesabiwa, a1 ni nafasi kati ya bolti na d ni kipenyo cha bolti, na n_ef haivuki n. Punguzo hili ni la mzigo unaofuata nyuzi. Mzigo ukikata nyuzi kwa pembe mraba, bolti zote huhesabiwa. Katika mchoro, a1 ilikuwa kiwango cha chini kinachoruhusiwa, yaani 5d au milimita 60, na hivyo bolti nne zikawa sawa na 2.74: kilonyutoni 21.9, pungufu ya zinazotakiwa. Kuongeza bolti ya tano katika mstari huo kungeleta thamani ya takriban 0.6 tu ya bolti.

Nilijaribu mistari miwili ya bolti mbili mbili, nafasi ikibaki milimita 60. Kila mstari ni 1.47, jumla 2.94, yaani kilonyutoni 23.5, na bolti ni zilezile nne. Upana unatosha, kwa kuwa 4d kati ya mistari na 3d kila ukingoni ni milimita 120. Gharama yake ni kwamba matundu mawili hukata mbao mahali pamoja, kwa hiyo eneo lililobaki lilibidi likaguliwe upya. Kuachanisha bolti za mstari mmoja hadi milimita 84 nako kungefikisha 23.9, ila bamba lingerefuka, na mimi nimependelea mistari miwili.

Umbali kutoka bolti ya mwisho hadi ncha inayovutwa sikuugusa: 7d, usiopungua milimita 80, hapa 84. Fundi akifupisha ncha hiyo ili kuokoa mbao, kipande kilicho mbele ya bolti huweza kung'oka kizima, hata kama hesabu ya safu ni sahihi. Kesho nitaandika umbali huo kwenye mchoro kwa herufi kubwa, pamoja na agizo kwamba tundu lisizidi bolti kwa zaidi ya milimita 1.