Punje kumi na mbili za mahindi: siku yangu moja Ujiji

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Ujiji ingali gizani, muadhini wa msikiti ulio nyuma ya nyumba yangu alianza. Mimi ni Mkatoliki na huwa nageukia ukutani nikalala tena, lakini leo niliketi kitandani nikiwa na punje za mahindi, nikaweka moja sakafuni kila alipovuta pumzi. Zilitimia kumi na nne. Zoezi hilo hilo nilikuwa nimewaandalia wanafunzi wangu wa darasa la nne.

Muhula uliopita nililifanya vibaya. Nilicheza adhana kwenye simu mbele ya watoto 54, chini ya paa la bati, na waliokaa nyuma hawakusikia kitu zaidi ya mkwaruzo. Safari hii niliomba kipindi changu kihamishiwe karibu na saa saba mchana, kwa kuwa Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi na adhuhuri yetu huchelewa kuliko ya Dar es Salaam, ili tuisikie adhana yenyewe hewani.

Vipindi vya asubuhi vilikuwa hisabati na Kiswahili, navyo vilikwenda kama kawaida. Saa nne, wakati wa chai, nilimwonyesha ustadhi anayefundisha dini andalio langu la somo, ambalo nilikuwa nimelipa kichwa "Nyimbo za ibada". Alilisoma akatabasamu. "Adhana haiimbwi, mwalimu, inaadhiniwa. Na Kurani inasomwa." Nilimweleza kwamba sikio langu linasikia sauti ikipanda na kushuka. Akajibu kwamba hilo halikatai, ila Mwislamu akiambiwa ni wimbo ataona imeshushwa hadhi. Nilifuta neno "nyimbo" nikaandika "sauti", na nadhani andalio lilinufaika, kwa sababu mtoto akiambiwa asikilize sauti hasubiri ngoma wala kinanda.

Saa saba kasoro dakika kumi tulitoka kukaa chini ya mwembe. Kila mtoto alipewa punje 20 na agizo moja tu, kwamba aweke punje mbele yake kila muadhini anaponyamaza kuvuta pumzi. Nilikuwa nimewaza pia kuwakataza wasichezeshe midomo, lakini ustadhi alinikumbusha kwamba anayeisikia adhana huyafuatisha maneno yake kimyakimya, na anapofika kwenye "Hayya alas-salaa" hujibu kwa maneno mengine. Kwa hiyo midomo iliyotaka kucheza ilicheza.

Baada ya adhana, wengi walikuwa na punje 12. Msichana mmoja alikuwa na 15 na wenzake wakaanza kumcheka, naye akashikilia kwamba hakukosea. Tuliyataja maneno pamoja, tukaona kwamba yeye alihesabu kauli, si pumzi. Adhana ya adhuhuri ina kauli 15, ila muadhini wetu huunganisha "Allahu akbar" mbili kwa pumzi moja. Zile nne za mwanzo zinakuwa pumzi mbili na zile mbili za karibu na mwisho zinakuwa moja, hivyo kauli 15 hutoka kwa pumzi 12. Mvulana mwingine akauliza mbona alfajiri ni ndefu zaidi. Nikamwachia rafiki yake ajibu: alfajiri huongezwa mara mbili kauli ya kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Ndizo punje zangu mbili za ziada.

Kisha niliwaghania mstari wa Zaburi ya 23 kwa namna tunayoifuata kanisani: "Bwana ndiye mchungaji wangu," kituo, "sitapungukiwa na kitu." Walichora sauti mavumbini kwa kijiti. Michoro mingi ilionyesha mstari mrefu ulionyooka, kwa kuwa silabi nane za mwanzo hukaa kwenye noti moja, na sauti husogea kwenye "wangu" tu. Nilipowaomba wachore "laa" ya "salaa" kama walivyoisikia kwa muadhini, kijiti kilipanda, kikayumba, kikashuka, bado silabi ni ile ile moja. Hapo ndipo nilipotaka wafike: upande mmoja silabi nyingi zinabebwa na noti moja, upande wa pili silabi moja inabeba noti nyingi. Waliokosea ni wale waliochora maana badala ya sauti. Mmoja alichora kondoo.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na mfukoni zilibaki punje chache. Tulipoghani zaburi hiyo hiyo, niliweka moja kwenye benchi kila nilipowasikia wenzangu wa sauti ya pili wakivuta pumzi. Mahali palipotakiwa punje mbili, kwenye kituo na mwisho wa mstari, nilikuta nne. Nilimwonyesha mwalimu wa kwaya. Alizitazama, akatushusha noti moja, akasema tuanze upya.