Ninavyotangaza gari lililotumika hapa Mbeya

Nauza magari yaliyotumika, machache kwa wakati mmoja, kwenye kiwanja kidogo maeneo ya Soweto hapa Mbeya. Swali ninalopigiwa kuliko yote ni moja: "Mwisho ngapi?" Mtu hajaliona gari wala hajui limetembea wapi, lakini anataka bei ya mwisho. Ukimtajia, ndiyo inakuwa bei ya kuanzia atakapofika. Ndiyo maana nikaanza kuandika matangazo marefu, yanayojibu mapema kila kitu kinachoweza kujibiwa kwenye simu, na kuyaacha mapatano ya bei kwa siku ya kuonana.

Nitaeleza kwa tangazo la IST moja, la mwaka 2004, injini ya 1NZ, namba D. Niliandika hivi:

"Kilomita 153,600 kwenye dashibodi leo. Cheti cha kutoka Japani, mwaka 2016: 87,400. Kadi ya sevisi ya gereji ya Iringa, 2019: 118,200. Wamiliki wawili hapa nchini: wa kwanza Iringa, wa pili Mbeya mjini. Limenyooshwa na kupigwa rangi mlango wa nyuma kushoto. Shokapu za mbele zimechoka, bei imeshazingatia hilo. Bei milioni 11.8. Kulijaribu ni asubuhi kwa miadi, injini ikiwa ya baridi. Bei haijadiliwi kwenye simu."

Kilomita ndizo zinazobishaniwa zaidi, kwa sababu kila mtu anajua kuna mafundi wanaorudisha kilomita nyuma. Namba ya dashibodi peke yake haithibitishi kitu. Ninachofanya ni kuweka kila namba pamoja na karatasi iliyoandikwa na mwaka wake, kisha mnunuzi anapiga hesabu mwenyewe. Kwa hii IST, kati ya 2016 na 2019 lilitembea kama elfu kumi kwa mwaka. Baada ya hapo mwendo ukapungua hadi wastani wa kama elfu sita. Hilo linaeleweka: mmiliki wa pili alikuwa na duka Mwanjelwa na alilitumia kwenda dukani na kurudi. Lingekuwa limeonyesha kilomita elfu moja tu kwa mwaka, huku pedali ya breki imelika mpira na usukani unang'aa kwa kushikwa, hapo ningekuwa na mashaka, na mnunuzi pia.

Kilomita chache za mjini si sifa tupu, na hilo nalo namwambia mteja. Gari linalowashwa kwenye baridi ya Juni hapa kwetu, likaenda mwendo mfupi na kuzimwa kabla injini haijapata moto sawasawa, linachafua oili haraka kuliko lililokuwa likienda Iringa na kurudi. Ndiyo maana kwenye magari ya mjini natafuta tarehe ya kumwaga oili, siyo kilomita tu. Magari mengi ya Japani huja na stika ndogo ya oili kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, ina tarehe na kilomita. Watu huibandua wakidhani ni uchafu. Mimi naipiga picha na kuiweka kwenye tangazo, maana ni shahidi mwingine wa namba za dashibodi.

Mnunuzi wa hili gari alikuwa mama mmoja wa Tukuyu. Alipiga simu jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo IST, mwisho ngapi?"

"Mama, njoo na fundi wako ulijaribu kwanza. Tukirudi kutoka mlimani tutaongea bei vizuri."

Akaja asubuhi na kijana wake fundi. Gari nilikuwa sijaligusa tangu jana yake, na fundi alithibitisha kwa kuweka kiganja juu ya injini. Hili nalishikilia sana. Gari lililopashwa moto kabla mteja hajafika linaficha mengi: kuwaka kwa shida, moshi wa bluu wa sekunde za mwanzo, mlio wa cheni unaopotea oili ikishapanda. Mfuniko wa rejeta nao unafunguliwa kwa usalama injini ikiwa ya baridi tu, na ndipo unaona kama maji ni masafi au yana utando wa oili.

Masharti yangu ya kujaribu ni mafupi. Anayeendesha awe na leseni, bima iwe hai, mimi nikae pembeni, mafuta yangu. Njia ni moja kwa magari yote: tunashika barabara ya Chunya, tunapanda hadi Kawetere, tunageuza. Kupanda kunaonyesha kama gia zinabadilika bila kusita na kama joto la injini linatulia. Kushuka kunaonyesha breki: usukani ukitetemeka unapokanyaga, diski zina kasoro. Tukirudi tunaliacha likiunguruma na kipande cha boksi chini yake, tone lolote lionekane.

Wateja wa Dar es Salaam huwa nawatahadharisha kabla ya mlima. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari linalokwenda vizuri Kibaha hapa litaonekana zito, bila kuwa na ubovu wowote.

Tuliporudi ndipo bei ikafunguliwa, na kanuni yangu ni hii: kasoro niliyoiandika kwenye tangazo haipunguzi tena, kwa kuwa nilishaitoa kwenye bei. Kasoro ambayo sikuiandika inapunguza kwa bei ya dukani, na tunapiga simu dukani wote tukisikia. Mama akataja shokapu, nikamwonyesha tangazo, akakubali. Fundi wake akaona bushi moja ya mbele imepasuka. Kisha akainama kwenye tairi za nyuma na kusoma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 1417, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2017. Meno yalikuwa mazuri, lakini mpira umezeeka na una nyufa ndogo ukiukunja kwa kidole. Alikuwa sahihi. Tairi mbili ilikuwa 260,000, bushi na ufundi 60,000. Tukafika 11,480,000.

"Na mimi mama yako huniachii chochote?"

Kwenye kila gari naacha nafasi ndogo kwa ajili ya hapo, maana mtu aliyetoka Tukuyu asubuhi kwenye ukungu hastahili kuondoka na hesabu kavu. Tukamaliza milioni 11.3. Hakulipa yote siku hiyo. Aliacha arabuni ya 300,000, nikamwandikia kwamba gari haliuzwi kwa siku tatu, na kwamba atarudishiwa yote ikigundulika kadi ina tatizo au gari lina faini za trafiki ambazo hazijalipwa. Mkataba tulisaini kwa wakili, na gharama za kubadilisha umiliki TRA zikawa zake, kama tulivyokubaliana kabla ya arabuni.

Madalali wanaruhusiwa kuleta wateja, ila kamisheni yao natoa mimi. Cha juu sikubali, kwa sababu mnunuzi aliyeongezewa laki tano na dalali atafika kiwanjani akiwa na bei nyingine kichwani, na tangazo langu lote litakuwa limepoteza kazi.

Magari yasiyo na karatasi za zamani nayo nauza. Hayo naandika wazi, "kilomita hazithibitiki", nayawekea bei ya chini kidogo, na hukaa kiwanjani muda mrefu zaidi.