Kwa nini niliacha ukarani nikashika ufundi wa sola

Baba yangu aliendesha magari ya kazini hadi alipostaafu, akapata kiinua mgongo na sasa anakula pensheni yake kila mwezi. Kwa hiyo barua ya ajira ya ukarani ilipokuja na jina langu, nyumbani hapakuwa na mjadala. Kazi ya kudumu, likizo yenye malipo, matibabu, na tarehe ya mshahara inayojulikana. Wakati huo nilikuwa nikishinda kwenye mapaa ya watu nikitengeneza sola, kazi ambayo mzee aliihesabu kuwa ya kupotezea muda hadi nipate kazi.

Wengi walinishauri nishike vyote viwili: ukarani siku za kazi, sola jioni na mwisho wa wiki. Ushauri ni mzuri kwa asiyeijua kazi. Jioni unaweza kukaza viunganishi, kubadilisha fyuzi au kupima betri, lakini swali kubwa kuliko yote, yaani paneli inaingiza ampea ngapi, hujibiwa jua likiwa utosini, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Saa hizo karani yuko mezani na mafaili yake. Na mtu aliyelala gizani Jumatatu haningoji mpaka Jumamosi. Atamwita fundi mwingine, na huyo atamuuzia betri.

Hilo la kuuziwa betri ndilo lililonifanya nifikiri sana, na kazi moja niliyoifanya barua ikiwa bado haijajibiwa ilinionyesha vizuri.

Mwalimu mmoja aliniita kwa sababu taa zake zilikuwa zinazima mapema usiku. Alikuwa na paneli ya wati 150, betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, na chaji kontrola ya kawaida ya PWM, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri. Betri ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilihukumiwa kuwa mbovu. Nilimuuliza anatumia nini usiku. Taa, televisheni na kuchaji simu, jumla kama wati 60 kwa saa tano. Hizo ni wati-saa 300, na kwa betri ya volti 12 ni ampea-saa 25 kila usiku. Betri ya 100 haipaswi kulalamika kwa mzigo huo.

Mafundi waliotangulia walichomoa waya za paneli kwenye kontrola, wakapima, wakapata volti 20. Wakasema paneli nzima, basi mbovu ni betri. Kipimo chenyewe kilikuwa sahihi, ila kilipimwa wakati hakuna umeme unaopita. Kiungio kilichooza hakipotezi volti yoyote kama hakuna mkondo ndani yake, hivyo mita inasoma vizuri kabisa huku waya ni mgonjwa.

Nikarudisha waya kwenye kontrola, mchana kweupe, betri ikiwa na njaa, nikapima mkondo. Ampea 3. Paneli ya wati 150 kwenye jua lile ilitakiwa kutoa kama 8. Nikapima volti kwenye mlango wa kontrola: 13. Nikapanda juu, nikapima nyuma ya paneli yenyewe: 19. Kwa hiyo volti 6 zilikuwa zinapotelea njiani. Volti 6 mara ampea 3 ni wati 18, na umeme huo haupotei bure, unageuka joto mahali fulani. Nikaufuata waya kwa mkono, na chini ya bati nikakuta mahali ulipoungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe mweusi. Utepe ulikuwa umekauka na kuungua, na shaba ndani imekuwa ya kijani.

Rudi kwenye hesabu. Ampea 3 kwa takriban saa tano za jua zuri ni ampea-saa 15. Usiku zinatoka 25. Kila siku betri inabaki na deni la 10, na siku chache baadaye kontrola inakata taa ili kuilinda. Betri ya asidi ikikaa na njaa hivyo kwa miezi, sahani zake hushika salfeti na uwezo wake unashuka kweli. Yaani betri zile mbili zilikufa kweli, lakini muuaji alikuwa chini ya bati, na ya tatu ilikuwa njiani kuzifuata.

Nilikata kipande kile, nikaweka waya mmoja wa milimita 4 za mraba kutoka paneli hadi kontrola bila kiungio katikati, na vichwa vya waya vilivyobanwa kwa koleo lake. Mkondo ukapanda hadi karibu ampea 8. Hata ukitoa kinachopotea betri ikichajiwa, siku ya jua inaingiza zaidi ya ampea-saa 30. Nilimwomba mwalimu apunguze televisheni kwa siku kadhaa ili betri ishibe kabisa, na nikamwambia wazi kwamba kama salfeti imeshaganda, sehemu ya uwezo haitarudi.

Nilipomsimulia mzee, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Sasa hapo wewe umelipwa nini, kwa waya?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko hotuba zote za ukarani. Faida ya mafundi wengi iko kwenye kuuza vifaa. Aliyesema betri imekufa aliondoka na chake. Mimi niliyeiokoa betri niliondoka na ujira wa waya na kupanda paa. Nikiendelea hivyo, ukarani unanishinda bila ushindani.

Jawabu alilitoa yeye mwenyewe, kutoka kwenye udereva. "Gari halingoji liharibike, mwanangu. Linaingia sevisi kwa kilomita." Tukakaa kuandika sevisi ya sola ingekuwa na nini: kupima volti za betri alfajiri kabla jua halijagusa paneli na kabla mzigo haujawashwa, ambapo 12.5 na kuendelea ni afya na 12.0 ni njaa, kukaza viunganishi, kufuta vumbi, kuongeza maji yaliyosafishwa kwa betri zinazofunguka, kisha kurudi mchana kupima ampea. Ada ya kila awamu, ilipwe hata kama hakuna kilichoharibika. Na kwa wito wa ghafla, ada ya kupima iwe mbali na ya kutengeneza, ili kusema ukweli kuhusu betri kusinitie hasara. Mwalimu alikubali, majirani zake wawili pia, kabla tarehe ya barua haijafika.

Bado mzee alikuwa na lake: "Ukianguka paani, nani atakulipa?" Hakuna. Karani akivunjika mguu mshahara unaingia. Fundi akivunjika, mita inalala sandukuni. Sikuwa na hoja ya kulipinga, nilikuwa na masharti tu: kamba na msaidizi kila ninapopanda, na mchango wangu wa hiari wa uzeeni.

Niliandika kukataa nafasi mapema ili aliyefuata kwenye orodha aitwe. Msimu wa mawingu simu huwa nyingi, kwa sababu mfumo wenye kasoro ndipo unapoumbuka. Kiangazi zinapungua, na ada za sevisi ndizo zinazobeba nyumba. Kamba sijawahi kuiacha. Mchango wa uzeeni mzee huuliza kila mwisho wa mwezi kama nimelipa, na iko miezi ninayomjibu bado.