Siku moja na bomba la inchi nane: Hazen au Darcy?

Saa 10 na nusu alfajiri. Baridi la Julai hapa Mbeya halina masihara, nimevaa jaketi mbili na bado meno yanagongana. Gari linanipitia Uyole, ndani kuna dereva, fundi wetu mzee ambaye hilo bomba analijua kuliko ramani zote za ofisi, na dogo mmoja wa fildi kutoka chuo. Tunapanda kuelekea Isyonje, tukiwahi kabla watu wa chini hawajaanza kufungulia mabomba.

Ishu yenyewe ni hii. Kuna bomba la chuma la zamani, inchi nane, yaani milimita 200, urefu mita 1,800, linatoka kwenye tenki dogo la kupunguzia presha huko juu mpaka tenki la kugawia maji huku chini. Tofauti ya kimo kati ya maji ya tenki la juu na mdomo wa kuingilia tenki la chini ni mita 25.5, na hakuna pampu, ni mserereko tu. Chanzo cha sasa kinatoa lita 30 kwa sekunde, ila kuna chemchemi nyingine itaunganishwa na zitakuwa 40. Swali la mzee wa ofisi: bomba lilelile litabeba hizo 40 au tununue jipya? Huwezi kujibu kwa kufungua tu valvu uone, maana maji ya 40 bado hayapo. Lazima ukokotoe, na hapo ndo unapoanzia ugomvi wa Hazen na Darcy, fomula mbili za kukokotoa presha inayoliwa na msuguano wa bomba.

Saa 12 asubuhi. Tumefunga geji mbili, moja kwenye chemba ya katikati, mita 900 kutoka juu, nyingine kwenye chemba ya mwisho kabla ya tenki. Kitu cha kwanza nafunga valvu ya kuingilia tenki, maji yasimame kabisa, halafu nasoma. Geji ya mwisho inasema mita 34.2, zaidi ya 25.5 kwa kuwa chemba iko chini kuliko mdomo wa tenki. Hiyo ndo presha ya maji yaliyolala. Kuanzia hapo, maji yakitembea, chochote kinachopungua kwenye 34.2 ndicho kilicholiwa na bomba, sihitaji kupima vimo vya chemba wala kubishana na geji kama sifuri yake iko sawa.

Dogo anauliza, "Kaka, kwa nini tusitumie tu ripoti ya zamani?" Swali zuri. Ripoti ya zamani ilipima bomba hilihili kwa lita 12 kwa sekunde, ikapata C, yaani namba ya ulaini wa bomba kwenye Hazen, ya 101, ikaishia hapo.

Tunarudia hiyo 12 kwanza. Valvu inabanwa mpaka dira inasoma 12, tunasubiri itulie, geji ya mwisho inashuka hadi 31.6. Zimeliwa mita 2.6. Ukiiingiza kwenye Hazen unapata C ya 101, sawasawa na ripoti, jamaa walipima vizuri tu.

Ila angalia: geji yangu inaweza kukosea robo mita hivi. Kwenye mita 2.6 hiyo ni kama asilimia 10. Kupima msuguano maji yakiwa yanatembea taratibu ni kujitafutia shida.

Saa 1 asubuhi. Tunafungua valvu, dira inapanda hadi 30. Geji ya mwisho: 18.1. Zimeliwa mita 16.1.

Nampa dogo simu apige hesabu, Hazen yenye C 101 ilitabiri ngapi kwenye 30? Anapiga, anapata 14.3. Anarudia akidhani kakosea. Hajakosea. Hizi ndo fomula zenyewe:

```
Hazen-Williams:  h = 10.67 L Q^1.852 / (C^1.852 D^4.87)
Darcy-Weisbach:  h = f (L/D) V^2 / (2 g)
```

h ni mita zinazoliwa, L urefu na D kipenyo kwa mita, Q mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, V kasi ya maji, f kipimo cha msuguano. Angalia kipeo cha mtiririko. Hazen wamekigandisha kwenye 1.852, kwa bomba lolote na kwa kasi yoyote. Walikipata kwenye vipimo vya maji ya kawaida yanayotembea kwa kasi za kawaida kwenye mabomba ya enzi zao, na kwa hali hizo kinakaa vizuri, ndo maana fomula imedumu zaidi ya miaka mia. Lakini bomba lililojaa kutu ndani halimfuati Hazen. Vinundu vya kutu vinakoroga maji kiasi kwamba unato wa maji hauna kazi tena, na presha inayoliwa inapanda karibu na mraba wa mtiririko, yaani kipeo cha 2. Bomba laini la plastiki linakaa karibu na 1.75 mpaka 1.8. Kwa hiyo ukiwa na vipimo viwili unaweza kuliuliza bomba lenyewe: ln(16.1/2.6) gawanya kwa ln(30/12), inakuja kama 1.98 au 1.99. Bomba limekujibu kwamba ni la kutu.

Maana yake C siyo sifa ya bomba. Kwa lita 12 bomba hili lina C 101, kwa lita 30 lina C 95, na hakuna mtu aliyeligusa katikati ya hizo saa. Ukichukua C ya mwendo mdogo ukaipeleka kwenye mwendo mkubwa, Hazen atakudanganya, tena upande mbaya, atakwambia presha ipo wakati haipo.

Saa 2 asubuhi. Kabla sijafurahi sana. Valvu iliyofunguka nusu mahali fulani njiani nayo inakula presha kwa mraba wa mtiririko, kwa hiyo kipeo cha 2 peke yake hakithibitishi kutu. Ndo kazi ya ile geji ya katikati. Kwenye lita 30 nusu ya juu imekula 7.9, nusu ya chini 8.2. Zimegawana karibu sawa kama urefu ulivyogawanyika, kwa hiyo hakuna mwizi mmoja aliyejificha kwenye chemba. Ingekuwa 4 kwa 12 ningeanza kutafuta valvu. Fundi mzee anacheka, "Mimi nilikwambia valvu zote nilizifungua mwenyewe." Ndaga mzee, ila geji haijui heshima.

Saa 7 mchana. Uyole, ndizi na maharage, chai ya moto vikombe viwili. Hapa hakuna cha kusimulia.

Saa 8 mchana, ofisini. Naingia kwenye Darcy. Yeye hana C, ana k, yaani ukubwa wa ukwaru wa ndani kwa milimita, halafu f inatoka kwenye k, kipenyo na namba ya Reynolds. Nachezesha k mpaka hesabu ifanane na vipimo. Kwa k ya milimita 2 inanipa 2.6 kwenye lita 12 na 16.1 kwenye lita 30. Namba moja imekamata vipimo vyote viwili, na hicho ndicho Hazen alichoshindwa. Sasa naipeleka kwenye lita 40: mita 28.5. Hazen wa C 101 alisema 24.3.

Tuna mita 25.5 tu. Kwa hiyo ripoti ya zamani inasema maji yanafika na mita moja inabaki, Darcy anasema hayafiki, utapata kama lita 37.8. Hiyo lita 2.2 kwa sekunde inayokosekana ni kama mita za ujazo 190 kwa siku, kuna mtaa mzima utakuwa unagombana na sisi.

Ila msije mkadhani Darcy ni malaika. Dogo kafungua kitabu, kakuta k ya bomba la chuma lisilochakaa sana, 0.1, kaiweka, akapata mita 14 kwa lita 40. Nusu ya ukweli! Yaani Darcy mwenye k ya kitabini kwenye bomba la kutu kakosea vibaya kuliko Hazen mwenye C iliyopimwa. Fomula yake ina fizikia nzuri, lakini k usipoipima unaikisia, na desimali nyingi za f zinakufanya uamini kisio lako. Halafu hata hii 2 yangu nimeipata kwa kudhani kipenyo bado ni 200. Kutu imekula nafasi pia, kwa hiyo k yangu imebeba ukwaru na wembamba kwa pamoja. Kwa bomba hilihili inatosha, ila usiikopi ukaipeleka kwenye bomba lingine.

Tukahamia EPANET, programu ya kompyuta ya kukokotoa mitandao ya mabomba, na hapa kuna mtego. Faili la zamani liko kwenye Hazen, unabadilisha hivi:

```
[OPTIONS]
 Units      LPS
 Headloss   D-W
 Viscosity  1.13
```

Ukiishia hapo umekwisha, maana safu ya ukwaru bado ina 101 na sasa programu inaisoma kama milimita 101, ndani ya bomba la milimita 200. Presha inayoliwa inaruka hadi karibu mita 250 na nodi zote zinakuwa hasi. Kosa kubwa hivyo unaliona haraka. Cha kuogopa ni kubadilisha mabomba makubwa ukasahau vipande vifupi, maana hivyo havipigi kelele. Panga jedwali kwa safu ya ukwaru, chochote kinachozidi 5 kitazame mara mbili.

Saa 10 jioni. Kwa mzee wa ofisi. Yeye ni mtu wa Hazen tangu ujana, na simlaumu, enzi za kikokotoo cha mkononi Hazen unamaliza kwa mstari mmoja wakati f ya Darcy inataka kujaribu na kurudia. Nilipomwonyesha vile vipimo viwili vya geji akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa bomba jipya lote?"

Hapana mzee. Kwa lita 40 kila mita ya bomba hili inakula sentimita 1.6. Tukibadilisha mita 400 tu kwa bomba la plastiki, HDPE ya milimita 250 PN10, ambayo ndani ni kama 220, kile kipande kitakula sentimita 0.4 kwa mita. Tunaokoa mita 4.7, jumla inashuka hadi 23.8, na tunabaki na 1.7 mkononi. Kwa kuwa kutu imeenea sawa, haijalishi sana ni mita 400 zipi, tuchukue pale kwenye mashamba ya viazi ambapo udongo ni laini kuchimba. Akasema andika.

Saa 2 usiku. Jamaa yangu wa Makete kapiga simu, ana HDPE ya 90, ndani milimita 79, mita 4,200, lita 2 kwa sekunde, maji ya nyuzi 12. Mtu kamwambia plastiki ni C 150 siku zote. Nikampigia hesabu palepale: C 150 inatoa mita 9.8, Darcy inatoa 10.9. Huko ni kinyume cha kutu, bomba laini, jembamba, maji ya baridi yanatembea taratibu kwa mita 0.4 kwa sekunde, unato unakula sehemu yake na C inashuka. Nikamwambia aweke 140, atapata 11, aendelee na Hazen wake. Kwa bomba jipya la kasi moja inayojulikana hakuna haja ya kupigizana kelele. Akauliza kama atoe na ile asilimia 10 inayoongezwa kwa ajili ya viungo na valvu, nikasema aiongeze, asiitoe, kwenye mita 4,200 za milima ya Makete kona hazikosekani.