Korosho, ndizi na maziwa: nilivyomrudishia mama kilo zake

Mama alitoka wodini na kilo 44, kabla ya ile nimonia alikuwa na 51, na kila nikimtengea ugali na samaki anakula matonge matatu hivi halafu anasukuma sahani, "mwanangu, nimeshiba". Mi nikaona basi hata anywe anywe tu, nikawa nampa chai ya rangi, uji mwepesi na juisi ya ukwaju kutwa nzima. Kumbe ndo nilikuwa namjaza maji, tumbo linajaa ila nguvu hakuna. Jirani yetu hapa Mikindani ni nesi, ndo akanambia nisiongeze wingi wa kinywaji, niongeze kilichomo ndani.

Nikaanza na korosho, huku kwetu zile zilizovunjika zinauzwa bei nafuu na kwa kusaga hazina tofauti na nzima. Nachukua kama 20 hivi, zisizo na chumvi, naloweka kwenye maji ya moto nusu saa zilainike, bila hivyo zinabaki chenga na mama alikuwa anakohoa zikimkwama. Naweka kwenye brenda na ndizi mbivu moja, kikombe cha maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yakapoa (yale yenye mafuta yake, sio yaliyotolewa krimu) na vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga. Hapo kuna kama kalori 500, wakati chai ya rangi yenye sukari kijiko kimoja haifiki hata 20. Umeme ukikatika natwanga korosho kwenye kinu mpaka ziwe kama siagi, ndizi naiponda kwa uma, inakuwa nzito kidogo ila inanyweka.

Kosa langu lingine ni muda. Siku ya kwanza nilimpa glasi nzima saa sita, saa saba chakula cha mchana hakukigusa kabisa, yaani nilichoongeza huku nikakipoteza kule. Nikabadilisha, nampa nusu kikombe baada ya kula, nusu kikombe kingine saa kumi jioni, kinachobaki kabla ya kulala, anakunywa taratibu. Hatuna friji na joto la Mtwara mnalijua, kwa hiyo nikawa nagawa vile vitu nasaga kidogo kidogo kila muda ukifika, sikuweka kinywaji kilichosagwa kikae masaa.

Wiki ya pili tumbo likaanza kuunguruma na kuharisha kila akinywa. Nikatoa maziwa yote, ya maji na ya unga, nikaweka mtindi, maana kwenye mtindi ile sukari ya maziwa inakuwa imepungua, ndani ya siku mbili akatulia. Ila kama mgonjwa wako ana kisukari au figo muulize daktari kwanza, ndizi na maziwa mengi sio vya kila mtu.

Nilikuwa nampima kila Jumamosi asubuhi kabla hajala, mzani wa duka la dawa. Wiki mbili za kwanza haukusogea, ya tatu 45, ya sita 47. Na ugali sasa anamaliza nusu sahani.