Hesabu Zinazojieleza Zenyewe

Leo ni siku ya nne tangu usaili, na bado naisikia sauti ya yule mama akiniuliza, kwa upole ambao ndio ulionimaliza, "Dada, sentensi hii umeipata wapi?"

Nami nikajibu, "Ni yangu, mama."

Wiki hii Zuhura amejifungua salama, tumemaliza kuhamisha vyombo, na mkaguzi aliyetusumbua tangu mwezi uliopita ameondoka hatimaye, lakini kila nikikaa peke yangu ninachokirudia ni maneno yale matatu tu. Sikulazimika kuyasema. Ningeweza kukiri, ningeweza kucheka, ningeweza hata kukohoa.

Jina la msaili nililipata Jumapili usiku, katika barua pepe ya kuthibitisha saa ya usaili. Nikamtafuta LinkedIn, kama anavyofanya kila mtu, nikamsoma kuanzia kazi yake ya kwanza: alikuwa karani wa ghala kwa miaka mitano, akaingia ukaguzi, na sasa anaongoza kitengo cha udhibiti wa ndani. Maelezo yake yalianza na sentensi iliyonivutia, kwamba yeye anaamini katika hesabu zinazojieleza zenyewe. Niliisoma mara ya kwanza kwa kuipenda, na mara ya pili kwa kuitamani.

Kufika saa sita usiku nilikuwa nimekwisha kujishona upya. Kichwa cha wasifu wangu, ambacho kwa miaka minne kilisema mhasibu wa malipo ya wasambazaji, kikawa mtaalamu wa udhibiti wa ndani. Katika sehemu ya `About` nikaiweka ile sentensi mwanzoni kabisa, kwa sababu mistari ya juu ndiyo inayoonekana kabla msomaji hajabonyeza ili kuona iliyobaki, na nikabadilisha neno moja tu ili nafsi isinisute. Kisha nikafanya kosa lililokuwa kubwa kuliko yote, ingawa usiku ule lilionekana dogo: nikabadilisha jina la cheo changu cha sasa, kutoka mhasibu msaidizi hadi mchambuzi wa udhibiti. Hoja yangu ilikuwa kwamba nusu ya kazi ninayoifanya ndiyo hiyo hiyo, na hilo ni kweli, lakini cheo si maelezo ya kazi. Cheo ni neno lililoandikwa katika mkataba, na mwajiri akipigiwa simu atalisema kama lilivyo.

Nilijiona mjanja kweli kweli. Nilizima `Notify network` ili wenzangu ofisini wasije wakapata taarifa na kunipongeza kwa cheo nisichopewa. Nikahamia `Private mode` ili msaili asione kwamba nimemtembelea tena na tena, ingawa ziara mbili za mwanzo nilikwisha kuzifanya kwa jina langu kamili. Nilichosahau ni kwamba kwa sisi tusiolipia, ukijificha unapotazama wengine, nawe hufichwa orodha ya wanaokutazama. Kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua kama yeye amepita kwangu, wala lini.

Alikuwa amepita, tena kabla yangu. Alhamisi aliweka mezani karatasi za aina tatu: wasifukazi niliotuma wiki tatu zilizopita, nakala ya wasifu wangu aliyoitoa kwa `Save to PDF` siku ya Ijumaa, na nakala nyingine ya asubuhi hiyo hiyo. Karatasi mbili zilisema mhasibu msaidizi. Moja ilisema mchambuzi.

Wanaonisoma siku zote wanajua kazi yangu ni ipi. Nalinganisha hati ya agizo, hati ya kupokelea mzigo na ankara, na moja ikipingana na wenzake, malipo hayatoki mpaka mtu aeleze. Nimewarudishia watu mizigo ya karatasi kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Kuhusu cheo alisema tu, "Hapa tutaandika kilicho katika mkataba," akapiga mstari kwa penseli. Ndipo akaja kwenye sentensi, akauliza, nami nikajibu nilivyojibu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tumefanana. Mimi yangu niliiandika miaka sita iliyopita, na siku hizi nikiisoma naona haisemi kitu."

Siku tatu nzima nimekuwa nikiyapima maneno hayo. Je, alikuwa ananitoa aibuni au ananitia ndani zaidi? Mume wangu anasema alikuwa anatania. Mume wangu hakuwapo.

Jana, hata hivyo, nilipokuwa nafua, nilikumbuka kilichofuata, ambacho aibu ilikuwa imekifunika, nikajikuta nimeacha nguo majini. Baada ya pale alikunja karatasi zote na kusema, "Nieleze ankara moja unayoikumbuka." Nikamweleza ile ya mwaka juzi, ambayo msambazaji aliituma mara mbili, na karani mmoja akaiingiza kwa namba 0417 ilhali mwingine aliiingiza kwa 417. Mfumo hukataa namba iliyokwisha kuingizwa, lakini kwa kuwa sifuri ile ya mbele iliachwa, uliziona kuwa ankara mbili tofauti, na zote zikapita hadi orodha ya malipo. Niliigundua kwa sababu kabla ya kila malipo huwa napanga orodha kwa kufuata kiasi badala ya namba, kisha nikikuta viasi viwili vinavyolingana vya msambazaji mmoja, hurudi kwenye hati ya kupokelea mzigo kuhesabu mzigo uliingia mara ngapi. Uliingia mara moja.

Aliinuka kidogo kwenye kiti. Aliniuliza hati ile ilisainiwa na nani, ghalani au ofisini, na hapo nikamwona karani wa ghala wa zamani akichungulia machoni mwake. Tulizungumza juu ya saini hiyo kwa muda mrefu kuliko mambo mengine yote.

Na jambo hilo halikuwamo popote katika wasifu wangu, si wa Ijumaa wala wa Alhamisi! Kusoma miaka yake mitano ya ghalani kulipaswa kunionyesha ni lipi kati ya yale niliyoyafanya kweli lingemhusu, nilipandishe juu na kuliandika kwa mistari miwili mitatu. Mimi nilipita juu ya ghala nikaenda kuchukua sentensi, yaani kitu pekee kilichokuwa chake peke yake na ambacho angekitambua hata usingizini.

Usiku huu nimekirudisha cheo kilivyokuwa, nimefuta hesabu zinazojieleza, na mahali pake nimeandika habari ya ankara iliyoingizwa mara mbili, bila jina la msambazaji. Sijui kama atapita tena kuona. Nimetoka `Private mode`, na mpaka sasa orodha ya wageni wangu ina mtu mmoja, ambaye ni binamu yangu.

Majibu walisema ni baada ya wiki mbili. Kwa sasa linalonikosesha usingizi ni Zuhura, ambaye tangu mchana hapokei simu, na mara ya mwisho tulipozungumza alisema mtoto ananyonya kidogo sana.