Kaimati za futari, Juni 2016

Ramadhani ya 2016 ilitukuta kwenye baridi ya Juni, na baridi ya Dodoma haina urafiki na hamira. Siku hiyo mama mkubwa alikuwa anapika kaimati kwake Chang'ombe, kwa ajili ya futari ya majirani. Unga wa vikombe viwili alikuwa ameukanda mchana kwa kijiko cha chai cha hamira, kijiko cha sukari, chumvi kidogo na maji ya uvuguvugu. Akaongeza vijiko viwili vya kula vya unga wa mchele, ambao hulifanya ganda liwe kavu na gumu zaidi.

Saa moja ilipita unga ukiwa umelala vilevile. Nikamuuliza, "Mama mkubwa, tuongeze hamira?" Akakataa. "Hamira ikizidi, mwanangu, kaimati zitanuka pombe. Huu unataka joto tu." Akaliweka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu, akafunika. Baada ya nusu saa unga ulikuwa umeumuka maradufu, umejaa mapovu. Hakuukoroga tena, maana hewa ile ndiyo inayoitutumua kaimati.

Uzito wa unga aliupima kwa mkono: ukiuchota udondoke kwa bonge, usimiminike. Ukiwa mwepesi, kaimati hutoka na mikia, zinakuwa bapa na kunywa mafuta. Alilowanisha vidole, akaukamua unga ngumini, bonge likatokea juu kati ya kidole gumba na cha shahada, akalidondosha karaini.

La kwanza lilikuwa la kujaribia. Lilizama, likakaa kidogo, kisha likapanda taratibu huku mapovu madogo yakilizunguka. Lingeibuka na kuwa jekundu papo hapo, angepunguza mkaa: ganda likikauka mapema, unga wa ndani hauna tena nafasi ya kutanuka, na katikati hubaki mbichi. Karai lilikuwa na mafuta ya kutosha kaimati kuelea, naye aliyazungusha kwa upawa bila kupumzika, zikawa zinajigeuza zenyewe na kuiva rangi moja pande zote.

Alizitoa zikiwa za manjano hafifu, akaziacha zipoe kidogo, halafu akazirudisha kwenye mafuta yenye moto zaidi hadi zikawa rangi ya dhahabu. Kaimati iliyokaangwa mara moja tu hulainika kwa sababu unyevu wa ndani huhamia kwenye ganda. Mzunguko wa pili huufukuza unyevu huo.

Shira ilikuwa ya kikombe kimoja na nusu cha sukari kwa nusu kikombe cha maji, hiliki, na matone ya ndimu ili isigande mapema. Aliichemsha hadi tone lililobanwa kati ya vidole viwili likavuta uzi. Shira nyepesi ni maji, na maji hupenya ganda. Nzito hubaki juu na kukauka. Aliiepua, ikapoa kidogo, akazitumbukiza kaimati za moto, akazipindua haraka na kuziopoa. Akazitandaza kwenye sinia bila kufunika, zisije zikalainishwa na mvuke wake.